Mistari ya Kahawia Ukutani: Kusafisha Nyumba Baada ya Mafuriko

Maji ya mafuriko yakishaondoka, ukuta hubaki na alama za aina mbili, na kila moja ina tiba yake. Ya chini ni alama ya tope. Maji yanayotoka mtoni hubeba udongo laini, mkaa, mafuta ya magari, majani yaliyooza na uchafu wa vyoo. Yanapotulia ndani ya chumba kwa saa kadhaa, vitu hivyo hushika ukutani usawa wa uso wa maji. Maji yakishuka kidogo na kusimama tena, hukwaruza mstari mwingine chini ya ule wa kwanza, na ndiyo maana kuta nyingi huonekana zimepigwa mistari mitatu au minne kama daftari. Alama hii iko juu ya rangi, na ikiwahiwa hutoka kwa maji na brashi.

Alama ya juu haionekani siku ya kwanza. Tofali la saruji na lipu iliyoko juu yake vina vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji na kuyapandisha, jinsi utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yakiwa yamefika sentimeta 90 kutoka sakafuni, unyevu ndani ya ukuta huweza kufika sentimeta 120 au zaidi. Huko juu ndiko unyevu unakokutana na hewa na kukauka, na kila kilichoyeyuka ndani ya maji, yaani chumvi, chuma cha udongo na rangi ya majani yaliyooza, hubaki pale. Baada ya siku au wiki kadhaa hutokea mstari wa rangi ya chai, wenye ukingo mkali juu na unaofifia kuelekea chini. Mstari huu hausuguliki, kwa sababu umetoka ndani kuja nje. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu yake mapema huuona tena umejichora juu ya rangi mpya.

Harufu nayo ina vyanzo vyake. Ile ya udongo mbichi, inayofanana na ya mvua ya kwanza lakini nzito, hutoka kwa bakteria wa udongo wanaotengeneza kemikali iitwayo jeosmini, ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Harufu ya yai bovu ni dalili kwamba mahali fulani tope limekaa bila hewa na limeanza kuoza. Harufu kali ya choo inajieleza yenyewe. Hakuna udi wala manukato yatakayoondoa harufu hizi wakati tope na unyevu bado vimo, na kwa kweli pua isiyodanganywa ndiyo kifaa bora cha kupima kama kazi imekwisha.

Katika bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, haya ni mambo yanayojulikana kwa uzoefu. Mto huo huanzia vilima vya Pugu na kuishia baharini karibu na Daraja la Selander, na maeneo kama Jangwani, Kigogo na Mchikichini yamefurika mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwalazimu wengine kuhamishiwa Mabwepande, na masika ya 2018 na 2024 nayo yalileta maji ndani ya nyumba. Nyumba ya kawaida huko ni ya tofali za saruji, imepigwa lipu, ndani imepakwa rangi ya maji, sakafu ni ya saruji au vigae, na choo ni cha shimo. Maelezo yanayofuata yanaichukua nyumba ya namna hiyo, yenye vyumba viwili, ambayo maji yalifika usawa wa dirisha na kulala humo usiku mmoja.

Kabla ya kushika fagio, umeme ukatwe. Meini swichi ikiwa imefikiwa na maji, au mtu akilazimika kusimama kwenye maji ili aifikie, isiguswe. Aitwe fundi umeme au shirika la umeme. Soketi zilizozama zina tope ndani hata zikionekana kavu kwa nje, na hazirudishiwi umeme mpaka zifunguliwe, zisafishwe na zikaguliwe. Ukuta nao utazamwe kwanza kwa nje: ufa mpya wa mshazari kwenye kona ya dirisha, au udongo uliochimbika chini ya msingi, ni sababu ya kutoingia hadi fundi auone.

Maji haya ni maji ya choo hata kama yanaonekana ni ya mvua tu, kwa kuwa mashimo ya vyoo vya mtaa mzima yamefurika humo. Kipindupindu ndicho kinachotajwa zaidi, lakini kuna pia homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine na kuingia mwilini kupitia michubuko. Jina hilo lilisikika nchi nzima mwaka 2022 baada ya mlipuko mkoani Lindi. Kwa hiyo gambuti na glavu nzito za mpira ni vya lazima, na kidonda chochote kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji. Tope likishakauka na kuwa vumbi, barakoa nayo inahitajika. Watoto wasiwepo wakati wa kazi.

Tope hutolewa likiwa bado bichi. Hapa ndipo muda mwingi hupotezwa bila sababu, maana watu husubiri jua liikaushe nyumba kwanza. Tope laini la mto likikauka ukutani hujishikiza kwenye vitundu vya rangi na kuhitaji kukwanguliwa, na kukwangua huondoa rangi pamoja nalo. Sakafuni hugeuka ganda gumu juu na uji chini. Koleo na mpira wa kusukumia maji hutoa sehemu kubwa, na tope hilo hurundikwa mbali na ukuta wa nje na mbali na mfereji, vinginevyo mvua ya usiku itarudisha nusu yake ndani. Baada ya hapo ukuta humwagiwa maji kuanzia juu ya mstari kwenda chini, ili maji machafu yasipite juu ya sehemu iliyokwisha kusafishwa. Ndoo na kopo vinatosha. Mpira wa maji wenye kasi unaonekana kurahisisha kazi, lakini hulazimisha maji na uchafu kuingia ndani zaidi ya lipu, na kwa ukuta uliokwisha kulowa hilo ni kuongeza siku za kukauka.

Nyumba ya udongo na fito isimwagiwe maji kabisa. Ukuta wake uliokwisha kulainika huachwa ukauke, tope lililoganda likwanguliwe kwa mkono, kisha sehemu zilizobomoka zikandikwe upya.

Usafi wenyewe wa ukuta una hatua mbili, na mpangilio wake hauwezi kugeuzwa. Kwanza ni sabuni, kisha ndiyo klorini. Klorini hushambulia kila kitu chenye asili ya uhai inachokutana nacho, na haijui kutofautisha kati ya bakteria na kipande cha jani lililooza. Ikimwagwa juu ya tope, hutumika yote kwenye tope na kuisha nguvu kabla ya kumfikia kijidudu. Ukuta unaonuka klorini lakini una utando wa udongo haujasafishwa. Umepakwa harufu tu. Basi husuguliwa kwanza kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni ya unga, eneo dogo dogo, kuanzia chini kwenda juu ili maji ya sabuni yasitiririke kwenye sehemu kavu yenye vumbi na kuacha michirizi, kisha husuuzwa kuanzia juu kwenda chini. Maji ya ndoo hubadilishwa yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kipimo cha kumaliza ni kitambaa cheupe: kikipitishwa ukutani kikarudi bila rangi ya kahawia, hatua ya sabuni imekamilika.

Klorini inayopatikana kirahisi ni ile ya maji inayouzwa madukani kwa kung'arisha nguo nyeupe, na chupa nyingi huandikwa asilimia 3.5. Kwa kuta na sakafu, lita moja ya dawa hiyo huchanganywa na lita 17 za maji, yaani karibu ndoo nzima ya lita 20. Lebo ikisoma asilimia 5, ndoo ya lita 20 huhitaji takriban mililita 800. Mchanganyiko hupakwa kwa kitambaa au brashi hadi ukuta uonekane umelowa, huachwa dakika 10, kisha husuuzwa, hasa penye vyuma, kwa sababu klorini hutia kutu bawaba na vyuma vya dirisha. Hutengenezwa upya kila siku, kwani uliolala kwenye ndoo wazi umekwisha kupoteza nguvu. Na kamwe hauchanganywi na dawa ya choo yenye asidi, siki, ndimu, wala kisafishio chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na katika chumba kidogo chenye dirisha moja madhara yake huja haraka.

Klorini ina mipaka. Inaua vilivyoko juu ya kigae, rangi ya mafuta au plastiki, lakini haifiki ndani ya lipu ambako maji ya mafuriko yamekwisha kufika. Huko ndani kinachomaliza bakteria na ukungu ni ukavu, si dawa. Kwa sababu hiyo, baada ya siku ya kuosha, kazi kubwa zaidi ya kusafisha ukuta ni kuukausha.

Kukausha huanza kwa kuondoa kinachozuia ukuta kupumua. Skimu ya unga wa jasi, ile nyeupe laini ambayo mafundi huipaka juu ya lipu kabla ya rangi, hulainika ikilowa na mara nyingi haipati tena ugumu wake. Ukipita nayo ukucha ikatoka kama jibini bichi, imekufa. Hukwanguliwa yote hadi sentimeta 30 juu ya alama ya maji. Rangi ya mafuta, ambayo watu wengi huipaka sehemu ya chini ya ukuta ili isichafuke, ni ngozi isiyopitisha unyevu. Ikiwa imevimba au inabanduka, nayo huondolewa. Lipu yenyewe hugongwa kwa vifundo vya vidole: penye sauti nzito imeshika tofali, penye sauti ya debe tupu imeachana nalo, na hapo ubanduliwe kipande chote. Ubao wa jipsamu uliotumika kama kizigeu au pambo la ukuta huondolewa bila mjadala, kwa kuwa karatasi yake ni chakula cha ukungu.

Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 mahali penye unyevu na vumbi la udongo. Haraka ni ya kuanza kukausha. Kumaliza ni suala jingine. Ukuta wa tofali la inchi sita uliolowa mpaka ndani huhitaji wiki kadhaa, na katika msimu wa masika huenda ukachukua miezi miwili au mitatu. Madirisha na milango inayotazamana hufunguliwa jua likiwa limetoka, na hufungwa mvua inaponyesha na usiku, maana hewa ya pwani wakati huo ina unyevu mwingi na huongeza badala ya kupunguza. Feni hutumika baada ya fundi kuukubali mfumo wa umeme, na huelekezwa ipulize sambamba na ukuta. Kabati na vitanda hukaa angalau kiganja kimoja mbali na ukuta. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kwa nia ya kuharakisha kazi hii. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na imeua watu wakiwa usingizini.

Wakati ukuta unakauka, unga mweupe unaweza kutokea juu yake, wakati mwingine wenye nyuzi nyembamba kama pamba. Watu husema ukuta unatoa chumvi, na ndivyo ilivyo. Si ukungu, na jaribio lake ni rahisi: tone la maji likiwekwa juu yake, chumvi huyeyuka na kupotea, ukungu hubaki. Chumvi hufagiliwa kwa brashi kavu, na vumbi lake hukusanywa na kutolewa nje. Kuosha kwa maji ni kosa la kawaida sana, kwa sababu huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya lipu, na wiki inayofuata iko pale pale. Ikifagiliwa kila inapotokea, hupungua yenyewe.

Vitu vya ndani haviwezi kusubiri ukuta. Hutolewa nje siku ya kwanza, na uamuzi wa kila kimoja hutegemea swali moja: kimenyonya maji au hakikunyonya? Sufuria, sahani za udongo uliochomwa, glasi, ndoo na viti vya plastiki havinyonyi. Huoshwa kwa sabuni, kisha huzamishwa kwa dakika 10 kwenye ndoo ya lita 20 iliyotiwa glasi moja ya dawa ya klorini, yaani karibu mililita 300, na kuachwa vikauke vyenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Makopo ya chakula yasiyobonyea wala kutu hupona kwa njia hiyohiyo baada ya kuvuliwa karatasi, ingawa ni busara kuandika kwa kalamu kilichomo. Mwiko, mbuzi ya kukunia nazi na kibao cha kukatia vina nyufa, na visivyoweza kuchemshwa vitupwe. Chakula kilichoko kwenye mfuko, hata kama haukupasuka, kitupwe, na chuchu za chupa za mtoto nazo vivyo hivyo.

Godoro la sponji huleta ubishi kila nyumba, kwa kuwa ni ghali na juani linaonekana kukauka vizuri. Ndani halikauki. Sponji ya unene wa inchi sita hushika maji ya choo katikati, na baada ya wiki mbili za jua bado hutoa harufu mtu akilala juu yake kwa joto la mwili. Godoro lililozama hutupwa, na sponji ya sofa huondolewa na kubaki fremu. Kapeti nene nayo ni hivyohivyo. Mkeka wa ukindu huweza kusafishwa kwa maji mengi na sabuni siku hiyohiyo, ukaanikwa. Ukilala umelowa usiku wa kwanza, huota madoa meusi yasiyotoka.

Nguo zina hatari moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Udongo mwekundu una chuma, na klorini ikikutana na chuma kwenye nguo nyeupe, doa la kahawia hugeuka kutu ya kudumu. Shuka nyeupe zilizozama kwa hiyo hazianzi na klorini. Huachwa zidondoshe maji, hupigwa kofi la kuondoa tope, husuuzwa kwa maji ya baridi mara nyingi hadi maji yatoke safi, ndipo hufuliwa kwa sabuni na maji ya moto. Doa la kahawia likibaki kwenye pamba nyeupe, hupakwa maji ya ndimu na chumvi, huanikwa juani likiwa bado na majimaji, kisha husuuzwa. Hurudiwa mara mbili au tatu. Klorini, ikihitajika, huja mwisho kabisa na baada ya ndimu kusuuzwa yote, kwa sababu ileile ya gesi iliyotajwa juu. Khanga na vitenge vya rangi havitiwi klorini; maji ya moto kwa kadiri rangi inavyostahimili, jua la kutosha na pasi yenye joto ndivyo vinavyovimaliza vijidudu.

Samani hugawanyika kwa kinachojenga umbo lake. Meza ya mninga au kitanda cha mkongo ni mbao kamili, na hupona. Huoshwa kwa sabuni, droo hutolewa, mgongo wa kabati hufunguliwa, kisha hukaushwa kivulini penye upepo. Jua kali hukausha uso kabla ya ndani, na ubao hupinda au kupasuka kufuata nyuzi zake. Droo iliyokwama isivutwe kwa nguvu. Hupona yenyewe ikikauka. Kabati la kisasa la unga wa mbao ulioshindiliwa huwa tayari limevimba chini, na uvimbe huo haurudi. Plaiwudi iliyoachana tabaka zake nayo haina dawa.

Jokofu ni kesi ya pekee. Nje ni bati na ndani ni plastiki, hivyo linaonekana rahisi kuosha, lakini kati ya bati na plastiki kuna povu la kuzuia joto, na lililozama limeyanywa maji machafu. Mota ikifa inaweza kubadilishwa, ila harufu itarudi kila mlango unapofunguliwa. Redio, televisheni na simu zisiwashwe kujaribu. Ni kuwashwa kwa kujaribu ndiko huziunguza mara nyingi kuliko maji yenyewe.

Vyeti, hati za nyumba na picha huokolewa kabla ya vitu vingine, kwa sababu saa zao ni chache zaidi. Karatasi zilizogandana hazibanduliwi kwa nguvu zikiwa zinakauka. Hulowekwa kwenye beseni la maji safi ya baridi, hutenganishwa humo ndani polepole, kisha hutandazwa juu ya taulo au kwenye chandarua kilichokazwa, kivulini, moja moja, bila kupangwa. Picha za studio zilizosafishwa kwa dawa husuuzwa bila kusuguliwa upande wa sura, kwani utando wenye picha ukilowa hulainika na kutoka na kidole. Zilizo nyingi mno kwa siku moja huwekwa kwenye mifuko ya plastiki na kugandishwa kwenye friza ya jirani asiyefurika, ambamo zinaweza kukaa wiki hadi nafasi ipatikane. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino hazivumilii maji hata kidogo, na kwa hizo hulowekwa tu kinachohitajika kutenganishwa.

Baada ya wiki mbili, nyumba iliyooshwa vizuri inapaswa kunuka saruji mbichi. Ikiendelea kunuka tope, kuna tope lililosahaulika, na mahali pa kulitafuta ni pachache. Nyuma ya mbao za ukingo wa sakafu kuna mwanya ambao maji hupita na tope hubaki. Ndani ya masanduku ya soketi, chini ya sinki lililojengewa kabati, katika mabomba ya mapazia na miguu mitupu ya meza za chuma, na chini ya vigae vilivyoachana na saruji, nako ni vivyo hivyo. Kigae hupimwa kama lipu, kwa kugongwa: kinacholia debe kina maji chini yake. Harufu ya yai bovu ikizidi karibu na choo au sinki, mara nyingi ni tope lililokaa kwenye mkunjo wa bomba, ambao hufunguliwa na kusafishwa. Ikija na joto la mchana na kutoweka asubuhi, ni ya ukuta ambao bado haujakauka.

Ukuta hauhukumiwi kuwa mkavu kwa kuguswa, kwa kuwa uso hukauka wiki nyingi kabla ya ndani. Kipande cha nailoni safi chenye upana wa nusu mita kila upande hubandikwa ukutani kwa gundi ya utepe kuzunguka kingo zote, usawa wa chini ya mstari, na kuachwa usiku na mchana. Kikibanduliwa, hutazamwa upande uliogusa ukuta. Matone au ukungu wa maji upande huo ni unyevu unaotoka kwenye tofali, na rangi bado haijafika. Kikiwa kikavu kabisa, hurudiwa mahali pengine, karibu na sakafu, kwani huko ndiko hukauka mwisho.

Ndipo mstari wa juu, ule wa rangi ya chai, unaposhughulikiwa. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu yake, maji yaliyomo kwenye rangi huyeyusha tena madoa na kuyapandisha, na doa huonekana hata baada ya mikono mitatu. Hupigwa msasa, hufutwa vumbi, kisha hupakwa mkono mmoja wa praima ya mafuta yenye kuziba madoa, kuanzia sentimeta 10 juu ya mstari hadi 10 chini yake, na kuachwa ikauke kwa muda unaoelezwa kwenye kopo. Rangi ya maji hupakwa juu ya hapo kwenye ukuta wote. Praima hiyo ya mafuta hufanya kazi kwenye ukuta mkavu tu. Kwenye wenye unyevu hufungia maji ndani, hutoa malengelenge, na kubanduka katika vipande vyenye chumvi nyuma yake.

Mwenye nyumba asiyeweza kusubiri miezi, au ambaye anajua kuwa mto utarudi, hupata nafuu kwenye chokaa ya zamani. Chokaa iliyochovywa majini na kupakwa nyepesi mikono miwili au mitatu huruhusu ukuta uendelee kukauka kupitia kwake, na ualkali wake mkali hauupendi ukungu. Haiuzibi mstari wa kahawia kabisa. Huupunguza hadi kivuli. Hupakwa kwa glavu na macho yakiwa yamekingwa kwa kuwa huchoma, na hupakwa sehemu ya chini yote, kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya mstari, ili mafuriko yajayo yakute ukuta usio na ngozi ya mafuta wala skimu ya jasi ya kubandua.